Mkwaju kwenye Kadi ya Kliniki

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na wengine nawaona wameshaanza kutabasamu. Vumilieni. Nimefanya uuguzi kliniki ya kisukari na presha mpaka nikastaafu, kwa hiyo sitawaeleza kadi ya kliniki ni nini. Kila nyumba iliyo na mzee inayo.

Nianze na swali. Nani ana picha ya kadi ya mama au baba kwenye simu yake? Naam, karibu wote. Na nani amekaa chini akaiandika upya ikawa orodha ambayo hata jirani anaweza kuisoma? Wawili. Mmoja ni mwanangu, huyo simhesabu.

Sasa tazameni ubaoni. Hii ni nakala ya mstari mmoja wa kadi ya dada yangu, mwaka 2025. Mwandiko nimeunyoosha mimi, wenyewe ulikuwa kama kuku amepita.

```
10/3/25
Metf 500 bd x 30/7
FBG 2/52   saa 2 asb
TCA 4/52   7/4/25
Macho 3/12
```

Hesabuni mikwaju, hivi vistari vya mshazari kati ya namba. Kila mstari unao, na siyo yote ina maana moja. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Mtoto wa dada yangu ni kijana msafi, anafanya kazi ofisini, anajua simu kuliko mimi. Mama yake aliporudi kliniki alipiga picha kadi, akaandika orodha, akaituma kwenye kundi la familia. Orodha ilisema: tarehe 7 Aprili kliniki, tarehe 30 Julai dawa zinaisha, tarehe 3 Desemba macho. Mstari wa FBG aliuacha kwa sababu hakuuelewa. Wote tukamwekea dole gumba. Na mimi niliweka, muuguzi mstaafu, bila kufungua picha. Nilikuwa naunga futari.

Makosa ni mawili, na yote ni ya mkwaju. Sisi watu wa hospitali tuna uandishi wetu wa siri ambao hakuna aliyewahi kuwaambia ninyi. Namba ya chini ya mkwaju ikiwa 7, mara nyingi tunahesabu siku, kwa kuwa wiki ina siku 7. Ikiwa 52 tunahesabu wiki, maana mwaka una wiki 52. Ikiwa 12 tunahesabu miezi. Namba ya juu inasema ni ngapi. Kwa hiyo 30/7 hapo siyo tarehe 30 Julai, ni dawa za siku 30. Na 3/12 siyo tarehe 3 Desemba, ni miezi mitatu.

Miezi mitatu kutoka 10 Machi ni 10 Juni. Kijana alimpeleka mama yake kutoka Juni mpaka Desemba, karibu miezi sita, kwa mkwaju mmoja.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Angalihakikisha siku." Subiri, utamu uko hapa. Alihakikisha! Kliniki ya macho pale ni kila Jumatano. Akafungua kalenda, 3 Desemba 2025 ni siku gani? Jumatano. Akatulia kabisa. Kalenda ilimthibitishia kosa. Na 10 Juni je? Jumanne, ambayo siyo siku ya macho. Kwa hiyo aliyekosea alionekana amepatia, na aliyepatia angeonekana amekosea. Tarehe yenyewe ilipaswa kuwa Jumatano inayofuata, 11 Juni.

Mimi niligundua katikati ya Agosti nilipokwenda kumtembelea. Nikamuuliza, dada, macho ulipimwa lini? Akasema, "Bado mdogo wangu, mpaka Desemba." Nikaiomba kadi. Ilikuwa kwenye kopo la nyuzi. Nilipoiona ile 3/12 nilikaa kitako. Mgonjwa wa kisukari hupelekwa macho hata kama anaona vizuri, kwa sababu mishipa midogo nyuma ya jicho huharibika bila maumivu, na mtu anaposema "naona ukungu" mambo yameshakwenda mbali. Tulimpeleka wiki ile ile. Walikuta dalili za mwanzo, akaanza kufuatiliwa. Anaona, na bado ananishinda kutunga sindano.

Sasa mnauliza: kwani muuguzi hawezi kuandika neno "miezi mitatu"? Anaweza. Nami nilikuwa naweza. Mkiwa na foleni ya watu themanini na mko wauguzi wawili, mkono unajifunza ufupi. Simtetei mtu, nawaambia tu kwamba kadi ya kesho itakuwa na mkwaju pia. Ulizeni pale pale dirishani: "Hii ni tarehe, au ni muda?" Maneno sita.

Kama mmeshafika nyumbani na mna picha tu, fanyeni hivi. Tafuteni kwanza tarehe ya siku ile mgonjwa aliyoonwa. Huwa pembeni kushoto au juu ya mstari. Bila hiyo msiandike chochote, kwa kuwa kila muda unahesabiwa kutoka hapo. Kisha tazameni mkwaju wenye mwaka na usio na mwaka. 7/4/25 ina mwaka, ni tarehe. 3/12 haina mwaka, na chini kuna 12: hiyo ni ya kushuku. 52 haina utata, hakuna mwezi wa hamsini na mbili. Balaa ni 7 na 12, kwa sababu Julai na Desemba zipo. Na herufi TCA maana yake arudi tena. Zikifuatwa na mkwaju usio na mwaka, chukulia ni muda mpaka uhakikishiwe vingine.

Halafu pimeni moja kwa nyingine. Hapa TCA 4/52 ni wiki nne, na pembeni kaandika 7/4/25. Kutoka Jumatatu 10 Machi, siku 28, tunafika Jumatatu 7 Aprili. Zinakubaliana, na Jumatatu ndiyo siku ya kisukari. Safi. Lakini 7 Aprili ni nini? Semeni kwa sauti. Karume Day! Sikukuu. Dada alikwenda, akamkuta mlinzi. Akaambiwa Jumatatu ijayo, tarehe 14.

Na dawa? "bd" ni mara mbili kwa siku, kwa siku 30, maana yake vidonge 60. Alianza asubuhi ya 11 Machi, kidonge cha mwisho ni usiku wa 9 Aprili. Kutoka 10 mpaka 14 hana dawa. Kijana alikuwa anaamini ziko mpaka Julai. Ndiyo maana nasema siku dawa zinapoisha iwe na mstari wake kwenye orodha, msiichanganye na siku ya kliniki. Hesabuni vidonge mkononi, msitegemee kadi peke yake.

Nimetumia muda mwingi hapo, najua. Saa.

"Saa 2 asb" ni saa mbili asubuhi, kila mtu hapa anajua. Simu haijui. Ukiandika 2:00 itakuamsha saa nane usiku. Kwenye orodha andikeni saa mbili asubuhi kwa maneno, na pembeni yake 08:00 kwa ajili ya simu. Na hiyo FBG ni kipimo cha sukari kabla ya kula, mtu akae angalau muda wa saa nane bila chakula. Dada aliikumbuka kwa kuwa aliambiwa kwa mdomo: "usile saa nane kabla." Ilikuwa Ramadhani, yeye hafungi kwa ushauri wa daktari, lakini nyumba nzima iko macho usiku. Akala wali saa saba na nusu usiku, kabla saa nane haijagonga! Kipimo kikatoka juu, karibu aongezewe dawa bila sababu. Kwa hiyo orodha isiseme saa nane. Iseme "chakula cha mwisho saa tatu usiku." Vidonge vya asubuhi siku hiyo, ulizeni kliniki.

Orodha sahihi ingekuwa hivi:

Jumatatu 24 Machi 2025, saa mbili asubuhi (08:00). Maabara, sukari kabla ya kula. Chakula cha mwisho Jumapili saa tatu usiku, maji ruhusa. Abebe mkate wa kula baadaye.

Jumatatu 7 Aprili 2025. Kliniki ya kisukari. SIKUKUU, aulize wiki moja kabla ahamishiwe lini.

Jumatano 9 Aprili 2025, usiku. Metformin zinaisha.

Jumatano 11 Juni 2025. Macho. HAIJATHIBITISHWA: kadi inasema 3/12. Asiende peke yake, dawa ya kupanua mboni itamfanya asione vizuri kurudi.

Mnaona mwezi nimeuandika kwa herufi. Simu ikiwa kwenye Kiingereza cha Marekani, 7/4 kwake ni Julai, na ukibonyeza tarehe kwenye picha itakuwekea kalenda ya uongo kwa adabu zote. Na neno HAIJATHIBITISHWA msilionee aibu. Kubahatisha kwa mwandiko mzuri ndiko kulikotuponza.

Haraka haraka, naona mwenye ukumbi anaangalia saa. Picha: dirishani, bila flashi, kadi iwe bapa, pande zote mbili. Moja na saba zikifanana, siku ya wiki itawatenganishia, 11 na 17 haziangukii siku moja. Kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti, ikienda kama picha inabanwa na wino hafifu unapotea. Jina na namba ya faili zifunikeni kama kundi lina shemeji wa shemeji. Aliye Maskati akiweka kengele akumbuke saa yake iko moja mbele ya yetu. Nilikuwa na la chanjo za watoto pia, wiki 6, 10 na 14, hilo tuliache.

Mliokuja na kadi, mezani hapa. Tuanze na wewe mama mwenye kitenge cha kijani. Hiyo 5/7 umeandikiwa lini?