Karatasi za Kliniki Zisikwamishe Dai Lako la Bima

Wazee wangu shikamooni, na ndugu zangu wote wa Moshi na Arusha, habari za huko. Leo nazungumza na yule aliyelipa matibabu taslimu na sasa anataka bima imrudishie, au mtoto aliye huku nje anayemfuatilia mzazi dai. Tunapanga lile rundo la karatasi za hospitali ili msomaji wa madai aone mtu aliumwa nini, alitibiwa lini na alifanyiwa nini.

Twende na mfano mmoja. Mama wa Pasua, Moshi, ameteleza uani jioni ya 4 Machi 2025, akaangukia mkono wa kulia. Usiku ule zahanati imempa dawa ya maumivu, ikamfunga ubao na kumwandikia rufaa. Tarehe 5 hospitali imempiga eksirei, mfupa umeonekana umevunjika karibu na kifundo cha mkono, wameuvuta ukakaa sawa, wakaweka hogo. Tarehe 12 eksirei nyingine, kuangalia kama mfupa haujahama. Tarehe 16 Aprili, wiki 6 zimetimia, hogo limetolewa.

Wengi wanaanza na risiti kwa sababu ndiyo penye hela. Anza na ugonjwa. Chukua karatasi ya zahanati uitazame vizuri: daktari ameandika alama ya kuuliza, kisha #. Hiyo # kwao ni mfupa uliovunjika, na alama ya kuuliza maana yake anashuku tu. Ukiiweka karatasi hiyo peke yake mbele, msomaji anaona ugonjwa ambao haujathibitishwa. Uthibitisho uko kwenye majibu ya eksirei na maandishi ya tarehe 5. Kwa hiyo mwombe daktari wa hospitali ripoti fupi inayotaja mfupa gani, mkono upi, na msimbo wa ugonjwa, ambao hapa ni S52.5. Iwe na jina lake, namba yake ya usajili, sahihi, tarehe na mhuri.

Sasa tengeneza ukurasa mmoja wa mbele wenye safu tano: tarehe, kituo, ugonjwa kama ulivyoandikwa, matibabu, na namba ya kiambatisho. Mstari wa tarehe 5 utasomeka hivi: 5 Machi 2025; hospitali; mfupa wa mkono wa kulia umevunjika karibu na kifundo, S52.5; eksirei, kuvuta mfupa, hogo; viambatisho 3, 4 na 5. Namba hizo ziandike kwa penseli kwenye kona ya kila nakala. Mwezi uandike kwa maneno, tafadhali. Ukiandika 04/03, msomaji wa Marekani anasoma tarehe 3 Aprili, na papo hapo mama anaonekana ametibiwa kabla hajaumia, maana ripoti inasema Machi.

Kwenye mstari wa zahanati usiboreshe. Andika "anashukiwa kuvunjika", vilevile kama daktari alivyoacha. Ukurasa huu unaonyesha njia tu, ushahidi ni karatasi za daktari. Ukikuta kosa kwenye karatasi za daktari, tuseme tarehe 12 wameandika mkono wa kushoto, usiguse kwa kalamu yako hata kama ukweli unaujua. Rudi kituoni, daktari akate kwa mstari mmoja, aandike neno lililo sahihi, atie saini yake na tarehe. Kufuta kwa wino mweupe kunaweza kuliua dai zima, kwa sababu kunafanana na kughushi.

Ndipo uje kwenye risiti. Kila moja ipate mstari wake kwenye ukurasa wa mbele. Hapa ndipo mambo hukwama. Tuseme risiti ya duka la dawa ni shilingi 18,500: dawa ya maumivu 6,500, na amlodipini ya presha 12,000. Presha haimo kwenye dai hili. Dai 6,500 na uandike wazi kwamba 12,000 umeiacha. Ukidai zote, watauliza presha imetoka wapi, na faili linasimama. Na hiyo 6,500 iwe na cheti cha dawa cha siku hiyo au kabla yake.

Risiti za mashine ya EFD hufifia, hasa zikikaa kwenye joto, basi zipige picha siku ileile na utoe nakala. Angalia pia majina: kadi ya bima ikiwa na majina matatu na kliniki ikaandika "Mama" na jina la mtoto, omba kituo kikuandikie barua kwamba ni mtu mmoja.

Kama mama angegongwa na bodaboda, PF3 ya polisi ingekaa kiambatisho namba 1, na tarehe ya ajali humo ilingane na ya zahanati.

Changanua zote kwa mpangilio huohuo ziwe faili moja la PDF. Wakitaka karatasi halisi, wape, lakini wasaini orodha ya walichopokea.