Si kila shilingi iliyoingia benki ni mauzo
(Mhadhara kwa wafanyabiashara wa mpakani, Busia, Uganda)

Ndugu zangu, akina mama na akina baba, hamjambo. Wengi wenu mmeniletea barua ya namna moja: Mamlaka ya Mapato, yaani URA, inasema kwenye ritani ulitaja mauzo kiasi hiki, lakini benki ziliingia pesa nyingi zaidi, kwa hiyo lipia tofauti. Leo nitaishughulikia hiyo tu.

Kwanza soma ni barua ya aina gani. Kama inakuomba maelezo, jibu kabla ya siku iliyoandikwa. Kama ni makadirio ya kodi, hapo saa ya sheria imeanza kugonga: una siku 45 tangu uyapokee kuweka pingamizi, na pingamizi ni maandishi yenye sababu na vielelezo. Kwenda ofisini kumlalamikia afisa, hata akikupokea vizuri na kukupa kiti, si pingamizi.

Sasa tuchukue mfano, tumwite Mama Duka. Anauza sabuni na mafuta ya kula, na msimu wa mavuno humnunulia mahindi tajiri wa ng'ambo ya mpaka, kwa kamisheni. Alitaja mauzo ya shilingi milioni 96. Benki zimeingia milioni 412. Mamlaka inamdai juu ya milioni 316.

Asianze na kuandika "mimi ni mfanyabiashara mdogo, nihurumieni". Achukue taarifa ya benki ya mwaka wa kodi, Julai mosi hadi Juni 30, akae na kalamu na kuandika kando ya kila kiingilio: hii imetoka wapi? Kazi hii inachosha, lakini ndiyo jibu lenyewe.

Anakuta milioni 74 ni pesa zake mwenyewe alizozitoa benki, akaziweka kwenye laini ya simu, kisha akazirudisha benki. Zilihesabiwa kama mpya, kumbe ni mauzo yaleyale yamehama mfuko. Milioni 60 ni mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Milioni 4 ni malipo aliyotuma yakakwama na kurudi. Milioni 138 ni za tajiri wa mahindi. Toa zote, inabaki milioni 136.

Hizo za tajiri ndizo ngumu. Mama Duka anasema si zake, na anasema kweli. Chake ni kamisheni, milioni 7. Lakini sheria inamtwika mlipakodi mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ni makosa. Mkataba uko wapi? Pesa zilipoingia Jumatatu, zilitoka lini kwenda kwa wakulima, na stakabadhi za mizigo zinalingana? Mkopo huonekana kwa mkataba wake na marejesho ya kila mwezi. Pesa za mtu mwingine huonekana kwa jinsi zinavyotoka. Zikikaa kwenye akaunti miezi mitatu zikinunua sabuni, afisa hatakuamini, na mimi pia nitasita.

Na daftari lako la Kiswahili lina thamani, ila sheria inataka kumbukumbu kwa Kiingereza. Ambatisha tafsiri. Kumbukumbu zenyewe zitunze miaka 5.

Rudi kwenye hesabu: milioni 136 na kamisheni 7 ni 143. Alitaja 96. Kwa hiyo milioni 47 hazikutajwa kweli, na hapa nashauri jambo wengi hawalipendi: zikiri kwenye barua. Anayekana kila kitu, hata vielelezo vyake vizuri hutiliwa shaka. Tena tazama, 143 iko chini ya kikomo cha milioni 150, bado yumo kwenye kodi ya wafanyabiashara wadogo. Kwa mwenye kumbukumbu ni shilingi 360,000 pamoja na asilimia 0.7 ya kinachozidi milioni 80. Inatoka 801,000, kwa zile 96 ilikuwa 472,000. Nyongeza ni 329,000, na riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu yake. Akinyamaza, milioni 412 zinamvusha kiwango hicho, na anaanza kutozwa kama mfanyabiashara mkubwa.

Kuna ndugu ameuliza: wakikataa pingamizi? Kamishna ana siku 90 za kuamua. Akikataa, una siku 30 kwenda Baraza la Rufaa za Kodi, na ujue utatakiwa kulipa kwanza asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu usiyoibishia, ipi iliyo kubwa. Ndiyo maana nakazania jedwali la viingilio vile na vyanzo vyake lifike kwa afisa mapema, kila mstari ukiwa na nambari ya kielelezo chake, na nakala uliyogongewa muhuri wa kupokelewa ibaki nyumbani kwako.