Asilimia 20 Zilezile, Mifuko Miwili: Mchango wa NSSF kati ya Mwajiri na Mfanyakazi

Karibuni. Humu ndani naona wanaoandaa mishahara na wanaoilipa, wengine wakiwa mtu yuleyule mmoja, mwenye karakana ya watu sita ambaye mwisho wa mwezi anageuka mhasibu. Hesabu zangu za leo nimezipanga kwa ajili yake: mwajiri wa sekta binafsi, Tanzania Bara, mwenye wafanyakazi chini ya kumi. Nimemchagua kwa sababu tozo ya ufundi stadi, SDL, haimgusi. Inaanza kwa mwenye watu kumi na kuendelea. Tozo anayobaki nayo ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5 ya mshahara ghafi, na hiyo analipa mwenyewe bila kumkata mtu.

Sasa NSSF. Sheria inataka asilimia 20 ya mshahara ghafi iingie Mfukoni kila mwezi. Wengi wamekariri "kumi kwa kumi", na si kosa, ndiyo desturi. Lakini kumi ya mfanyakazi ni kikomo cha juu. Mwajiri hawezi kumkata zaidi ya hapo. Kumkata pungufu anaweza, mradi afidie mwenyewe hadi zitimie 20. Kwa hiyo kumi kwa kumi, tano kwa kumi na tano, hata sifuri kwa ishirini, zote ni halali. Watumishi wa umma walioko PSSSF wao wamepangiwa: 5 zao, 15 za mwajiri, na zinapigwa kwenye mshahara wa msingi, posho haziguswi. Msichanganye hilo na letu. Huku kwetu ni mshahara ghafi, na anayepiga mchango kwenye msingi peke yake anawasilisha pungufu.

Tuchukue fundi wa mshahara ghafi wa shilingi 1,200,000.

Kwa kumi kwa kumi anakatwa 120,000. Kabla ya kodi, kumbukeni, kwa maana mchango wake wa kisheria unatolewa kwanza kwenye pato ndipo PAYE inapigwa. Linabaki pato la 1,080,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000, na kinachozidi milioni kinatozwa asilimia 30. Hapa kimezidi 80,000, kodi yake 24,000. PAYE jumla ni 152,000. Mkononi anapokea 928,000. Mwajiri anatoa mshahara 1,200,000, mchango wake 120,000 na WCF 6,000: jumla 1,326,000.

Hamisheni sasa asilimia tano kutoka kwa fundi kwenda kwa mwajiri. Fundi anakatwa 60,000 tu. Pato la kutozwa kodi linapanda hadi 1,140,000, na PAYE inakuwa 170,000. Mkononi 970,000. Mwajiri sasa anatoa 1,386,000.

Angalieni kilichotokea katikati. Mwajiri ameongeza 60,000, fundi amepokea nyongeza ya 42,000. Zile 18,000 zimekwenda TRA. Hakuna aliyekosea popote. Makato yalipopungua, pato linalotozwa kodi limepanda kwa kiasi hichohicho, na kwa ngazi ya mshahara wa fundi huyu kila shilingi inayoongezeka pale inatoa senti 30. Mwajiri asiyejua hili humtangazia mfanyakazi kwamba "kuanzia mwezi huu unaongezewa elfu sitini", halafu mwisho wa mwezi fundi anahesabu arobaini na mbili na kuanza kumtilia shaka mhasibu.

Kwa mshahara mdogo picha ni nyingine. Mwenye 300,000 kwa kumi kwa kumi anakatwa 30,000, anabaki na 270,000, na hapo ndipo penye kizingiti: hadi 270,000 hakuna PAYE. Anaondoka na 270,000 kamili. Mkihamia tano kwa kumi na tano, anakatwa 15,000, pato ni 285,000, kodi ya asilimia 8 kwenye zile 15,000 zilizozidi ni 1,200. Mkononi 283,800. Mwajiri ametoa 15,000 zaidi, na 13,800 zimemfikia mlengwa. Kwa hiyo kama bajeti yako ya kuwapunguzia watu makato haitoshi kila mtu, ianzie chini. Huko ndiko shilingi yako inakofika karibu nzima.

Turudi kwa fundi wetu, kwa sababu kuna swali ambalo mwajiri makini lazima ajiulize. Nikitaka apate hizo 42,000 mkononi, si ningempandishia tu mshahara? Tupige. Kwa kumi kwa kumi, kila shilingi 100 ya nyongeza inatoka 10 za NSSF, zinabaki 90, na kodi ya asilimia 30 inachukua 27. Zinamfikia 63. Ili zimfikie 42,000 inabidi nyongeza iwe 66,667. Mshahara unakuwa 1,266,667, anakatwa 126,667, pato ni lilelile 1,140,000, kodi ileile 170,000, mkononi ileile 970,000. Lakini gharama ya mwajiri sasa ni 1,399,667, kwa kuwa anachangia na kulipa WCF juu ya nyongeza yenyewe. Njia ya kuhamisha asilimia ilimgharimu 1,386,000. Nyongeza ya mshahara ni ghali zaidi kwa 13,667 kila mwezi.

Ukiishia hapo utasema kuhamisha asilimia ndiko kwa busara. Kwa mwajiri, ndiyo. Kwa fundi nasita, na nieleze kwa nini.

Pensheni ya NSSF haihesabiwi kwa kujumlisha nani alichangia ngapi. Inahesabiwa kwa miezi uliyochangiwa na mshahara uliochangiwa, kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022: miezi, mara moja ya 580, mara wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Mgawanyo wa asilimia haumo kabisa katika hesabu hiyo. Fundi wa tano kwa kumi na tano na fundi wa kumi kwa kumi, wote wa 1,200,000, wana pensheni moja. Aliyepandishiwa mshahara hadi 1,266,667 anapokea mkononi sawasawa na mwenzake wa tano kwa kumi na tano, ila pensheni yake itakokotolewa kwenye mshahara mkubwa. Mkononi huwezi kuwatofautisha, uzeeni utawatofautisha. Mfanyakazi akiitwa kuchagua, achague akilijua hilo, na hasa akiwa amebakiza miaka michache kustaafu.

Sasa nije kwenye kosa ambalo naliona limeharibu vitabu vingi kuliko yote, nalo ni mapatano ya mkononi. Watu wanakubaliana kwa mdomo: "Nitakupa laki nane mkononi." Mwajiri anaandika 800,000 kwenye fomu ya NSSF, anapiga asilimia 20, anawasilisha 160,000, anaamini amemaliza. Hajamaliza. Laki nane ni kilichobaki baada ya makato; mchango unadaiwa kwenye kilichokuwepo kabla ya makato.

Kurudi nyuma kunafanyika hivi. Laki nane ya mkononi iko kwenye ngazi ya kodi ya kati ya 760,000 na 1,000,000, ambako kodi ni 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Pato linaloacha 800,000 baada ya kodi hiyo ni 904,000. Jaribuni: kinachozidi ni 144,000, robo yake 36,000, kodi jumla 104,000, zinabaki 800,000. Kisha 904,000 hiyo ni asilimia 90 ya mshahara ghafi, kwa hiyo gawanyeni kwa 0.9. Jibu ni 1,004,444.

Gawanyeni, narudia, msiongeze asilimia kumi. Anayeongeza kumi juu ya 904,000 anapata 994,400, na mfanyakazi anaondoka na 793,220. Ni pungufu ya 6,780 kila mwezi, ndogo kiasi cha kutogombewa mwezi wa kwanza, na ya kutosha kugombewa mwezi wa tatu.

Kwa hiyo laki nane ya mkononi inamgharimu mwajiri 1,109,911: mshahara ghafi, mchango wa 100,444, na WCF. Ukiahidi mkononi bila kujua namba hiyo, umeahidi usichokipima. Ushauri wangu ni kuandika mkataba kwa mshahara ghafi, na mkononi itajwe kama makadirio. Viwango vya kodi vikibadilika, mabadiliko yamwendee anayehusika. Ukiwa umefunga mkataba kwa mkononi, kila badiliko ni lako wewe mwajiri.

Na aliyewasilisha 160,000 amepunja 40,889 kila mwezi. Deni la Mfuko ni lake. Hasara ya mfanyakazi ni nyingine: kwa miezi 180, ambayo ndiyo ya chini kabisa kupata pensheni, mshahara wa 1,004,444 unatoa pensheni ya karibu 311,700 kwa mwezi kabla ya kutoa sehemu ya mkupuo. Wa 800,000 unatoa karibu 248,300.

Ndugu mmoja huku nyuma amenyoosha mkono. Anauliza mfanyakazi atajuaje bila kuingia ofisini kwa mhasibu.

Chukua taarifa yako ya michango ya NSSF, tazama jumla ya mwezi mmoja, gawanya kwa 0.2. Lazima upate mshahara ghafi ulioandikwa kwenye slipu yako. Taarifa ikisema 160,000 ukapata 800,000, na hiyo ndiyo fedha unayopokea mkononi, basi umeshaliona tatizo. Halafu tazama makato kwenye slipu: yakizidi asilimia 10 ya mshahara ghafi, uliza siku hiyohiyo. Yakiwa pungufu, usishtuke kabla ya kulinganisha. Fundi wetu wa tano kwa kumi na tano slipu yake inaonyesha 60,000 huku taarifa ikionyesha 240,000, na zote mbili ziko sahihi.

Mama hapa mbele anauliza: akibeba asilimia 20 zote mwenyewe, itakuwaje? Kwa mshahara uleule wa 1,200,000, fundi hakatwi kitu NSSF, PAYE inakuwa 188,000, mkononi 1,012,000. Wewe mama utatoa 1,446,000. Ukilinganisha na kumi kwa kumi, umeongeza 120,000, amepata 84,000, na kwenye akaunti yake ya NSSF zinaingia 240,000 kama mwezi uliopita.