Waziri Ajiuzulu: mhadhara kuhusu irabu -e

Ndugu zangu, habari za jioni. Nianze na kichwa cha habari cha maneno mawili: WAZIRI AJIUZULU. Niambieni, waziri huyu ameshaondoka ofisini, au kuna watu wanaomtaka aondoke? Naona ukumbi umegawanyika, na pande zote mbili mna haki. Tukimaliza leo mtajua kwa nini.

Mmenisikia nikisema "nianze". Sikusema "ninaanza" wala "nitaanza". Sarufi za Ulaya zina hali ya kitenzi inayotumika pale msemaji asipotoa habari, bali anataka, anapendekeza au anaomba. Jina lake la Kilatini lina maana ya kuunganishwa chini ya kitu kingine, na ndiyo maana kwetu wako wanaoiita hali tegemezi. Kiingereza cha leo kimebakiwa nayo kidogo tu: katika pendekezo, kitenzi cha nafsi ya tatu umoja hudondosha ile herufi s, na wasemaji wengi wala hawatambui. Sisi tunaitumia tangu kuamka hadi kulala. "Niingie?" "Nikuletee chai?" "Twende." "Ulale salama." "Mungu amlaze mahali pema." Nalo jina la tegemezi halitukai vizuri, maana "twende" haitegemei sentensi nyingine yoyote. Tena si mali yetu peke yetu. Mganda husema "tugende", Mzulu "sihambe", na maana ni ileile ya "twende". Hii -e ni urithi wa ukoo mzima wa lugha za Kibantu.

Ukitaka kuitambua, jaribu kumwambia msemaji "uongo!" Mtu akisema "Asha amelala", unaweza kumbishia. Akisema "Asha alale", utabisha nini? Unaweza kukataa, lakini huwezi kumwita mwongo, kwa sababu hajadai kwamba jambo limetokea.

Shuleni tulifundishwa kwamba unaondoa kiambishi cha wakati, kisha -a ya mwisho inageuka -e: "anasoma" inakuwa "asome". Sawa. Lakini vitenzi vilivyotoka Kiarabu, kama rudi, jibu, samehe na hicho jiuzulu, haviishii na -a, kwa hiyo hakuna cha kugeuza. Kinachobaki ni kukosekana kwa kiambishi cha wakati. Chukueni mgonjwa aliyetoka kumwona daktari wa kike. Akisema, "Daktari amesema anarudi kesho," anayerudi ni daktari. Akisema, "Daktari amesema nirudi kesho," mgonjwa ameagizwa. Hakuna -e hata moja hapo, na bado hakuna aliyepotea njia. Kwa maoni yangu, basi, alama yenyewe ni lile pengo la wakati, na -e ni pambo linalokuja pale kitenzi kinapoliruhusu.

Sasa turudi kwa waziri. Magazeti yetu hupenda wakati wa -a-, ule wa "nasoma, wasoma, asoma". Kiambishi a- cha nafsi kikikutana na -a- ya wakati, viwili vinamezana na kuwa kimoja. Kwa hiyo "ajiuzulu" ya habari ina a mbili ndani yake, na "ajiuzulu" ya madai ina moja, ila sikio halizihesabu. Mkanganyiko huu unahitaji mambo mawili yakutane: kiambishi cha nafsi chenye a, na kitenzi kisichoishia na -a. Likikosekana moja, mambo yanakuwa wazi. "Serikali yajiuzulu" ni habari. "Serikali ijiuzulu" ni madai. "Waziri aondoka" ni habari. "Waziri aondoke" ni bango la waandamanaji. Ukikwama, kanusha. Habari itakuwa "hajiuzulu", madai yatakuwa "asijiuzulu". Mhariri makini angeandika "amejiuzulu" akamaliza ubishi, lakini wahariri wanabana nafasi, tuwasamehe.

Kuna mahali hali hii haifiki. Tamanio la jambo lililokwisha kutupita haliingii kwenye -e. Hatusemi "laiti nijue". Tunasema "laiti ningejua" au "ningalijua". Sarufi za Kiingereza huweka majuto hayo na mapendekezo chini ya jina moja. Kiswahili kimeyatenganisha: -e kwa ambacho bado kinaweza kuwa, -nge- na -ngali- kwa ambacho msemaji anakiona hakipo au kimeshapita. Ndiyo maana aliyefiwa huambiwa "Mungu amlaze pema", kwa sababu mlango huo waombaji wanauona bado uko wazi. "Laiti angepelekwa hospitali mapema" husemwa pembeni, kwa sauti ya chini.

Naona mzee wa safu ya nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Apewe kipaza sauti, aulize.