Kutoa Keshi kwa Kadi ya Mkopo Marekani: Siku 30 Zinakula Kiasi Gani?

Habari za huko nyumbani, karibuni tena. Leo tunaongelea kadi ya mkopo ya huku Marekani, na hasa kuichomeka kwenye ATM utoe keshi. Linawahusu mnaojiandaa kuja kusoma au kufanya kazi. Na nyie mnaompigia ndugu usiku, "tutumie chochote kwenye simu," sikilizeni pia, maana wakati mwingine hicho chochote kinatoka humu humu.

Ukinunua kitu dukani kwa kadi, na huna deni la nyuma, kwa kawaida unapewa muda wa kulipa bila riba, angalau siku 21 tangu taarifa ya mwezi itoke. Wengi wanadhani na keshi iko hivyo. Haiko hivyo. Keshi haina siku hata moja ya bure: riba inaanza kuhesabiwa siku uliyotoa, na kabla ya hiyo riba umeshakatwa ada.

Tuchukue mfano wa kawaida. Mtu ametoa dola 500. Mkataba wake unasema ada ni asilimia 5 au dola 10, ile iliyo kubwa zaidi, na riba ya keshi ni asilimia 30 kwa mwaka. Ada ni dola 25, na kwenye kadi nyingi inaongezwa juu ya deni, kwa hiyo siku ya kwanza tu anadaiwa 525. Riba ya siku 30 juu ya 525 ni kama dola 12.95. Jumla, kushika dola 500 kwa mwezi kumemgharimu 37.95.

Sasa mtu atasema, "Si dola 38 tu?" Ndiyo, lakini tuiweke kwa kipimo cha mwaka, kama tunavyolinganisha mikopo mingine. Tazameni kwenye skrini:

```
37.95 / 500 * 365 / 30 = 0.9235
```

Asilimia 92. Mkataba umeandika 30, na haujadanganya, ila ile 30 haina ada ndani yake. Na hapo sijarundika riba juu ya riba. Ukiendelea kukopa hivyo kila mwezi na gharama ikibaki ndani ya deni, inafika kama asilimia 143.

Kiasi kidogo ndicho kinachoumia zaidi. Toa dola 100, ada inakuwa ile ya chini, dola 10. Weka riba ya siku 30, gharama ni dola 12.71, yaani karibu asilimia 155 kwa mwaka. Mwenye ATM naye akidai chake, hesabu inapanda tena.

Hapa kuna kitu kinachochanganya watu. Yule wa dola 500 akilipa baada ya siku 10 badala ya 30, gharama inashuka hadi dola 29.32, lakini kiwango cha mwaka kinaruka hadi asilimia 214, kwa sababu ada ileile imebanwa ndani ya siku chache. Usiogope hiyo namba ukachelewesha malipo! Kiwango kinakusaidia kulinganisha mikopo kabla hujakopa. Ukishakopa, hesabu dola, na ulipe mapema.

Kulipa nako kuna mtego. Ukisubiri taarifa ya mwezi, ukalipa namba iliyoandikwa pale, mwezi unaofuata utakuta riba nyingine ndogo. Benki haijakosea: ni riba ya zile siku kati ya taarifa kutoka na malipo yako kufika. Na kama kadi ina deni la manunuzi pia, benki inaruhusiwa kupeleka malipo ya chini kabisa, yaani kile kiasi kidogo unachotakiwa kulipa kila mwezi, kwenye deni la riba ndogo. Kinachozidi hapo ndicho sheria ya 2009 inalazimisha kiende kwenye riba kubwa, yaani kwenye keshi. Anayelipa kile cha chini tu, keshi yake inaweza isiguswe kabisa.

Tena si lazima ufike ATM. Ndugu akituma pesa nyumbani kwa programu ya simu na akaweka kadi ya mkopo kama chanzo, benki yake inaweza kuyahesabu malipo hayo kuwa keshi. Programu itamwonyesha ada yake yenyewe, na ile ya benki itatokea baadaye kwenye taarifa, kwenye mstari ulioandikwa CASH ADVANCE FEE. Kununua chipu za kamari au sarafu za kidijitali mara nyingi kunahesabiwa vivyo hivyo. Atume kwa akaunti ya benki au kadi ya debiti. Na akipenda, apige namba iliyo nyuma ya kadi aombe kikomo cha keshi kishushwe. Benki kadhaa zinakubali kukiweka chini kabisa, na muamala wa namna hiyo ukijaribiwa unakataliwa palepale.