Nguo za mtoto mchanga zilizonuka naftalini: jinsi ya kuzisafisha na kuzihifadhi upya

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tuko Jinja, kwa wifi yangu ambaye anatarajia kujifungua mwezi ujao. Sanduku hili lina nguo za mtoto wake wa kwanza: fulana, soksi, nepi za kitambaa, vikofia na shali moja ya sufu. Limefungwa miaka mitatu, na ndani kuna vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo. Harufu mnaifahamu. Tutaitoa hatua kwa hatua, lakini kwanza sikilizeni kwa nini hatuwezi kumvika mtoto nguo hizi zilivyo.

Naftalini haiyeyuki kuwa maji ikiwa kabatini. Hugeuka moja kwa moja kuwa hewa, na hewa hiyo huingia kwenye nyuzi za kitambaa na kukaa humo. Mtoto akivaa, huivuta kwa pua na pia hupenya ngozini. Akiwa amepakwa mafuta, kama tunavyowapaka wengi wetu baada ya kuwaogesha, hupenya zaidi, kwa sababu naftalini huyeyuka kwenye mafuta.

Ikifika kwenye damu, hushambulia chembe nyekundu. Mwili una kimeng'enya kiitwacho G6PD kinachozikinga. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho, hasa wavulana, na hali hiyo huonekana sana katika nchi zenye malaria ya miaka mingi kama Uganda. Kwa mtoto wa namna hiyo chembe nyekundu hupasuka kwa wingi, rangi ya manjano hujaa mwilini, na ini lake changa haliwezi kuiondoa. Ikizidi hufika kwenye ubongo. Wapo watoto wachanga waliofariki, na wengine kubaki na ulemavu, kwa sababu ya nguo na blanketi zilizohifadhiwa hivi. Kwa kumtazama tu huwezi kujua mtoto yupi ana upungufu huo, na wengi hupelekwa nyumbani bila kupimwa. Ndiyo maana mimi nasema kila nguo ya mtoto mchanga ishughulikiwe kana kwamba anao.

Haya, tuanze. Fungua sanduku nje, siyo chumbani, na mama mjamzito akae pembeni. Toa vidonge vyote kwa mkono uliovaa mfuko wa plastiki. Kung'uta kila nguo na kagua mifuko na mikunjo, maana vipande vidogo hujificha kwenye soksi. Vitie kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza, uitupe kwenye takataka mahali watoto hawafiki. Usivichome, na usivitupe chooni.

Kama hujui umenunua nini, kwa sababu sokoni huuzwa bila maandishi, fanya jaribio hili. Weka kidonge kimoja kwenye glasi ya maji. Kikielea, ni kafuri. Kikizama, chukua nusu glasi ya maji ya uvuguvugu, koroga vijiko vitatu vikubwa vya chumvi hadi iyeyuke, kisha ukitie humo. Tazameni, hiki chetu kimepanda juu: ni naftalini. Kingebaki chini, kingekuwa aina nyingine iitwayo paradiklorobenzini, nayo si ya kuwekwa karibu na mtoto. Hata kafuri ni sumu, hasa mtoto akiimeza. Basi jaribio hili linakusaidia kumweleza daktari kitu kilichotumika. Halikupi ruhusa ya kuendelea na kidonge chochote.

Sasa nguo. Wengi huanza na beseni na sabuni, na hapo ndipo kazi huharibika. Naftalini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo unafua, unaanika, na harufu inarudi. Kinachoitoa ni joto na upepo. Anika nguo kavu kwenye kamba, moja moja bila kubananisha, juani, kuanzia asubuhi hadi jioni. Usiku ziingize kwenye baraza au chumba ambacho hakuna anayelala. Zigeuze ndani nje kila siku. Nguo nyepesi za pamba huhitaji siku kadhaa. Sufu hukaa nayo muda mrefu zaidi, na mvua za Machi hadi Mei zikikukuta, kazi hurefuka.

Harufu ikipungua ndipo unafua, kwa maji ya moto na sabuni ya unga, unasuuza vizuri na kuanika tena juani. Usipige pasi nguo ambayo bado inanuka, kwa sababu joto la pasi litakupulizia naftalini usoni.

Utajuaje kwamba imeisha? Pua yako imeshazoea, usiiamini. Tia nguo kavu kwenye mfuko safi wa plastiki, ufunge, uuache juani saa moja. Kisha mwite mtu ambaye hakuwepo kwenye kazi hii, afungue na kunusa. Akisema inanuka, hata kidogo, rudisha kambani. Fulana zetu zimepita. Shali ya sufu imekataa baada ya wiki mbili, na wifi ameamua mtoto hataivaa. Naunga mkono uamuzi huo.

Nguo zilizopita zipigwe pasi pande zote, hasa kwenye mishono. Hiyo tunaifanya hata bila naftalini, kwa ajili ya mayai ya yule nzi wa funza wa ngozi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa nje.

Na kuhifadhi? Viwavi vya nondo hula sufu, hariri na manyoya. Pamba na poliesta hawazitaki, isipokuwa zikiwa na jasho, maziwa au chakula. Maana yake ni kwamba karibu sanduku lote hili halikuhitaji kidonge. Kitenge, kanzu ya poliesta, fulana za watoto, vyote vinahitaji kuwa safi tu. Adui mkubwa zaidi huku karibu na ziwa ni ukungu. Kwa hiyo fua, piga pasi, acha nguo zipoe kabisa, kisha zifunge mchana wa jua kwenye mfuko mzito wa zipu au ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachokaza. Ukifunga nguo yenye unyevunyevu utakuta madoa meusi.

Gomesi ya hariri au suti ya sufu uliyonunua soko la Owino ndiyo yenye hatari ya nondo. Ifunge ndani ya mfuko na kuiweka kwenye friza wiki mbili kabla ya kuihifadhi, kisha iache ifikie joto la chumba kabla hujafungua mfuko. Huna friza? Ifungue kila mwezi, ikung'ute, uipige brashi kwenye kola na mishono. Majani ya mwarobaini na karafuu hunukia vizuri, lakini hayaui kiwavi aliyekwisha kuingia.

Sanduku la zamani nalo lina harufu. Liache wazi nje, na nguo za mtoto zisirudi humo.

Mtoto aliyekwisha kuvaa nguo hizi, mtazame kwenye mwanga wa jua. Macho au ngozi ya manjano, midomo iliyopauka, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kunyonya kwa uvivu: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie kuhusu naftalini. Aliyemeza kidonge asitapishwe, wala asipewe maziwa au chakula chenye mafuta, kwa sababu mafuta huharakisha sumu kuingia mwilini. Apelekwe hata kama anacheza vizuri, maana damu huweza kuharibika siku moja hadi tatu baadaye. Beba kidonge kimoja kwenye chupa.