Moja ya nane ya nini?

Ndugu zangu, leo nina hesabu moja tu, 3/4 ÷ 2/3, na msichana mmoja wa sekondari aliyekuwa akiipata kila mtihani, mpaka jioni aliyokaa kumfundisha mdogo wake.

Daftari lake lilikuwa safi, kanuni imepigiwa mstari mwekundu: sehemu ya pili igeuze, kisha zidisha. Wakaandika 3/4 × 3/2, wakapata 9/8, yaani 1 na 1/8. Mtoto akalitazama jibu. "Dada, tumegawanya, mbona limekuwa kubwa kuliko tulichoanza nacho?"

Dada akarudi daftarini. Hatua zote zimo, sababu haimo hata moja.

Angeweza kumjibu "ndivyo ilivyo", na walimu wenzangu mnaocheka hapo mbele mnajua ni nani huwa anasema hivyo. Yeye akachukua ukanda wa karatasi, akaukunja vipande 12 sawa, maana 12 hugawanyika kwa 4 na kwa 3. Robo tatu ya ukanda ni vipande 9. Theluthi mbili ni vipande 8. Kumbe wanachoulizwa ni hiki: 8 inaingia mara ngapi katika 9? Inaingia mara moja, na kipande kimoja kinabaki. Jibu linahesabu mara, halipimi karatasi, kwa hiyo hakuna ajabu likizidi 3/4.

Mtoto hakumwachia. Akakishika kile kipande kilichobaki: "Hiki ni 1/12 ya ukanda. Hiyo 1/8 ni ya nini?"

Hapa dada alikwama kweli, akaanza hata kushuku mikunjo yake. Kosa halikuwa kwenye karatasi. Kipande kile ni 1/12 ukikipima kwa ukanda mzima, lakini wao walikuwa wakipima kwa theluthi mbili, yaani vipande 8, na kwa kipimo hicho ni 1/8. Nimewaona watu wazima wakibishana juu ya jambo hilihili, kila mmoja ana haki kwa kipimo chake.

Ikabaki ile kugeuza. Akajiuliza: katika ukanda mzima, theluthi mbili inaingia mara ngapi? Vipande 12 kwa 8 ni mara moja na nusu, yaani 3/2. Ndiyo ile sehemu iliyogeuzwa! Na kwa kuwa wao wana robo tatu tu ya ukanda, wanachukua robo tatu ya 3/2, nayo ni 9/8.

Kisha akampa mdogo wake 1/2 ÷ 3/4, bila kanuni. Mtoto akakunja ukanda mwingine vipande vinne sawa. "Haiingii hata mara moja, dada. Kipimo kina vipande vitatu, mimi ninavyo viwili." Akaandika 2/3.